Mahindi ghalani: mwarobaini au vumbi la diatomu?

Kwa fukusi, mimi nachagua vumbi la diatomu, yaani unga laini wa mabaki ya mwani wadogo sana wa kale. Linakwangua na kufyonza nta ya ngozi ya mdudu, naye anakauka hadi kufa. Majaribio ya ghalani Tanzania na Zimbabwe yalionyesha linalinda nafaka kwa miezi mingi, mradi mahindi yakauke vizuri. Kwenye unyevu linazembea. Gramu 100 kwa gunia la kilo 100 hutosha fukusi, ila dumuzi ni sugu zaidi. Vaa barakoa unapochanganya.

Mwarobaini hupunguza ulaji na kuvuruga ukuaji wa wadudu, lakini nguvu iko kwenye mbegu kuliko majani, na hupungua haraka juani. Siki na mafuta ya pereminti? Harufu huruka, fukusi wanabaki.