Kipima umeme kilichoniambia sifuri wakati sabufa ina joto

Bado nina hasira, nasema mapema. Nilinunua kipima umeme cha kuchomeka ukutani kwa sababu uniti za LUKU zilikuwa zinakwisha hata wiki tuliyosafiri na kuacha friji imezimwa.

Nilianza na sabufa ya sebuleni. Nikaizima kwa rimoti, nikaichomeka kwenye kipima: wati 0.0. Nikaiacha usiku kucha, asubuhi uniti zilizohesabiwa ni 0.00. Ningeamini, ila niliposhika mgongo wa sabufa nikakuta una joto. Joto hilo limetoka wapi kama si kwenye umeme?

Nikarudi dukani. Muuzaji hata hakukishika. "Bosi, kikisema sifuri ni sifuri. Labda hujui kutumia." Mbele ya wateja wengine! Kumbe kwenye karatasi ya maelezo, kwa herufi za kumwumiza mtu macho, imeandikwa kwamba kipimo huanza wati 5. Yaani kifaa kinachouzwa kwa kunasa umeme unaovuja kidogo kidogo hakioni kidogo! Siku hiyo ningemwambia kila mtu asikinunue.

Fundi wa mtaani kwetu ndiye aliyenitoa gizani. Chomeka ekstensheni kwenye kipima, akasema, halafu washa humo balbu ya zamani ya waya, ya wati 40. Ngoja dakika chache namba itulie. Yangu ikatulia 39.6. Sasa ongeza sabufa ikiwa imezimwa kwa rimoti. Ikapanda hadi 43.4. Tofauti ni wati 3.8, zile zile zilizosomwa sifuri. Balbu inakivusha kipima kwenye kile kizingiti chake. Tulirudia mara tatu, maana umeme wa ukutani ukipanda au kushuka balbu nayo inabadilika na tofauti inakudanganya.

Halafu king'amuzi. Hiki hakikuhitaji balbu. Kikiwa kimewashwa kilisoma wati 12.4, nikakizima kwa rimoti, taa ikawa nyekundu, kikasoma 11.1. Nilirudia nikidhani nimekosea kitufe. Wati 11.1 kwa saa 24, siku 30, ni karibu uniti 8 kwa mwezi. Sabufa inaongeza 2.7. Kwa bei ya shilingi 350 na ushee kwa uniti, ni zaidi ya 3,700 kila mwezi kwa vitu ambavyo tuliamini vimezimwa.

Kwa hiyo sijui niseme nini. Kwa king'amuzi kifaa hiki kimesema kweli na sitakirudisha. Kwa chaja ya simu au televisheni mpya iliyozimwa, sifuri yake siiamini mpaka balbu iwe pembeni. Duka lile sirudi. Sabufa na king'amuzi sasa viko kwenye ekstensheni yenye swichi, na usiku naizima mwenyewe, ingawa asubuhi king'amuzi huchukua dakika kadhaa kuamka na watoto wanalalamika.