Runinga ya VA na kochi la pembeni: uzoefu wangu

Miezi minane sasa natumia runinga ya inchi 55 yenye kioo cha aina ya VA. Nikikaa kwenye kochi refu linaloitazama moja kwa moja, nairidhia kabisa. Usiku, taa zikizimwa, weusi wake ni weusi kweli. Kasoro niliikuta kwenye kochi dogo la pembeni, anakokaa mama. Wiki ya kwanza tu aliniuliza, "Mwanangu, mbona hawa watu wamepauka hivi?" Nikaenda kukaa pale. Nywele nyeusi zilikuwa za kijivu, na nyuso zimefifia kana kwamba zimepakwa poda.

Chanzo ni jinsi kioo kinavyopitisha mwanga. Nyuma kuna taa, mbele yake kuna molekuli ndogo zinazofanya kazi kama vali. Kwenye VA, molekuli husimama wima kuelekea mtazamaji ili kuzuia mwanga, kisha umeme huzilaza kidogo kidogo. Rangi nyingi, hasa za ngozi na vivuli, hutokea molekuli zikiwa zimelala nusu. Aliye katikati huziona kwa mlalo uliokusudiwa, ila aliye kando huziona kwa mlalo mwingine, na mwanga uliotakiwa kubanwa unapenya. Ndiyo maana sehemu za giza ndizo huharibika kwanza.

Nilipima kwa utepe. Kichwa cha mama kiko mita 2 kutoka usawa wa kioo, na mita 2 kando ya mstari wa katikati. Hiyo ni pembe ya nyuzi 45, kubwa mno kwa VA; kwangu mimi mabadiliko huanza kuonekana kwenye nyuzi 20 hivi. Nilijaribu kuongeza rangi kwenye mipangilio, nikakosea: pembeni kulipata nafuu kidogo, katikati nyuso zikawa nyekundu. Kilichosaidia ni bano la ukutani linalogeuka. Niliigeuza runinga nyuzi 20 kumwelekea mama. Yeye akabaki na 25, mimi nikapata 20. Nimepoteza weusi kidogo, lakini sasa yeye anaona nywele nyeusi.

Kama viti vyako vimetawanyika, nakushauri kioo cha aina ya IPS. Humo molekuli zimelala sambamba na kioo na huzunguka hapo hapo, hivyo rangi hubadilika kidogo sana ukihama kiti. Gharama yake ni weusi ulio kama majivu chumbani penye giza, kwa hiyo chumba chenye mwanga ndicho kinachoifaa. OLED haina taa ya nyuma kabisa, kila nukta hujiwakia yenyewe, na inatosha kwa weusi na kwa kutazamwa pembeni, kama mfuko unaruhusu.

Kabla ya kulipa, omba picha tulivu ya uso wenye nywele nyeusi, usimame katikati, kisha utembee hatua mbili kando ukiziangalia nywele hizo.