Gari limepatikana, bima wanataka barua kwamba halijapatikana

Nisingeandika lolote kuhusu kampuni hii ya bima kama si jibu la mstari mmoja walilonipa. Gari langu, lenye bima kubwa, liliibwa miezi kadhaa iliyopita. Nilitoa taarifa polisi, nikajaza fomu ya madai, nikakabidhi kadi ya gari na funguo zote mbili, na baada ya kusubiri sana nikasaini hati ya kukubali fidia. Fedha zilikuwa bado hazijaingia polisi waliponipigia simu kwamba gari limeonekana limetelekezwa, halina betri wala redio, na swichi ya kuwashia imechokonolewa.

Siku hiyo hiyo niliwaandikia bima. Nilitaja namba ya dai na kituo lilikohifadhiwa, nikaambatisha picha ya namba ya chasisi ili wajue ni lenyewe, kisha nikauliza: kwa kuwa nimesaini lakini sijalipwa, gari hili sasa ni langu au ni lenu? Gharama ya kulivuta ni ya nani? Na je, naruhusiwa kuligusa?

Baada ya siku nyingi jibu likaja: niwasilishe barua ya polisi inayothibitisha kuwa gari halijapatikana, ndipo dai liendelee. Nilipopiga simu, kijana wa kitengo cha madai akaniambia, bila hata kuona haya, "Mzee, mfumo ndio unaitaka." Sasa nimwombe mwizi alichukue tena?

Aliyeniokoa ni mkadiria hasara wao, ambaye sijui nani alimtuma. Alilala chini ya gari, akalinganisha namba za chasisi na injini na zile za kadi, kisha akanieleza kwa utulivu kwamba kwa masharti ya bima yangu umiliki huhamia kwa kampuni pale fidia inapolipwa, si pale mteja anaposaini. Kwa hiyo gari bado ni langu, na dai la wizi linageuka kuwa dai la uharibifu: watalipia matengenezo na vilivyong'olewa, wakiondoa ile sehemu ya hasara ninayojibebea mwenyewe, na gharama ya kulivuta imo. Alinionya nisibadilishe hata swichi kabla ya ripoti yake kuidhinishwa, kwa kuwa kilichotengenezwa kabla ya kukaguliwa ni vigumu kulipwa. Zana zangu zilizokuwa kwenye buti hazimo, kwani bima ni ya gari, si ya mizigo.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota moja. Kwa ajili ya mtu huyo nikapandisha hadi nne, na nilikuwa tayari kusema kwamba huduma yao, ukimpata mtu sahihi, ni nzuri kweli. Nawarudisha kwenye mbili, kwa sababu asubuhi hii nimepokea ujumbe mwingine unaonikumbusha kwamba ile barua ya polisi bado haijafika.