Barua ndefu au ombi moja lenye tarehe?

Tuseme mashine ya kuchapia imeharibika, na unataka meneja aidhinishe fundi ambaye bei yake inakwisha Ijumaa.

Toleo la kwanza: "Habari za kazi, bosi. Kama unavyokumbuka, tangu mwezi uliopita mashine imekuwa ikisumbua, tukamtafuta fundi wa zamani…" Aya nne baadaye: "Naomba maoni yako." Meneja anayesoma kwenye simu kati ya vikao viwili haoni anachotakiwa kufanya, na "maoni" hayana siku ya mwisho. Ataiweka kiporo.

Toleo la pili:

Mada: Idhini ya fundi wa mashine, kabla ya Alhamisi saa 10 jioni

"Habari za kazi, bosi. Naomba uidhinishe fundi wa pili atengeneze mashine. Bei yake ni nafuu na anaweza kuanza Jumatatu. Ofa inakwisha Ijumaa, hivyo naomba jibu kabla ya Alhamisi saa 10 jioni. 'Ndiyo' inatosha. Nimeambatisha bei zote mbili na historia ya fundi wa zamani."

Mimi nachagua la pili bila kusita. Tarehe ina sababu, kwa hiyo haisomeki kama amri, na Alhamisi inakuachia siku nzima ya kumpigia simu akinyamaza. Historia ya fundi wa zamani haikutupwa. Imo kwenye kiambatisho. Ukiwa na ombi jingine, la likizo kwa mfano, liandikie ujumbe wake, maana mawili yakikaa pamoja hujibiwa lile jepesi tu.

Toleo refu lina nafasi pale meneja hajui kabisa suala lenyewe. Hata hapo, ombi likae juu, maelezo yafuate.