Kianzio cha mteja: mauzo au deni?

Fundi samani ameagizwa kabati la shilingi 900,000. Tarehe 20 Desemba mteja anatanguliza 300,000. Kabati litapelekwa 15 Januari.

Wengi huandika debiti Benki, krediti Mauzo. Ni haraka, lakini faida ya Desemba inavimba kwa kabati ambalo bado ni mbao tupu. Mteja akighairi, unarudisha pesa uliyokwisha kuiita mapato.

Mimi nakrediti Amana za Wateja, akaunti ya madeni, kwa sababu bado tunadaiwa kabati. Siku ya kulikabidhi: debiti Amana 300,000, debiti Wadaiwa 600,000, krediti Mauzo 900,000. Mzigo ukishatoka na amana bado ina salio, kagua ankara: huenda kianzio hakikukatwa na mteja anadaiwa 900,000 nzima.