Uzoefu wangu na mkopo wa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, Kisumu

Nilikopa shilingi 120,000 kutoka kwa kampuni moja ya mikopo midogo hapa Kisumu ili ninunue mota mpya ya kinu changu cha kusagia mahindi, Kondele. Kwa huduma sina lawama: fomu zao ni fupi, afisa wa mikopo alifika dukani mwenyewe kuangalia biashara, na pesa ziliingia kwenye simu baada ya siku chache. Ninachotaka kueleza ni bei, kwa sababu kiwango kilichoandikwa kwenye bango lao si kiwango ambacho mkopaji hulipa.

Bango linasema asilimia 1.5 kwa mwezi. Hiyo ni riba ya flati, yaani riba inayokokotolewa kwa mkopo wote wa mwanzo mpaka mwezi wa mwisho, hata kama sehemu kubwa ya deni imekwisha kulipwa. Hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba mtu huifanya kichwani: asilimia 1.5 ya 120,000 ni 1,800, mara miezi 12 ni 21,600, ukijumlisha na mkopo unapata 141,600, na kila mwezi unalipa 11,800. Katika kila rejesho, 10,000 hupunguza deni na 1,800 ni riba.

Wakati huohuo wifi yangu aliyeko Nakuru alikuwa akikopa kiasi kilekile, kwa muda uleule, kutoka kwa sako yake, kwa asilimia 2 kwa mwezi inayotozwa kwenye salio linalopungua. Nilipomtajia afisa wangu jambo hilo, alitabasamu akasema, "Mama, linganisha mwezi wa kwanza tu. Yeye atalipa riba ya 2,400, wewe 1,800." Alisema kweli, na nadhani ukweli huo mdogo ndio unaowafanya watu wengi waone riba ya flati kuwa nafuu. Namba ya bango ni ndogo, na mwezi wa kwanza unaithibitisha.

Tuliweka majedwali yetu mawili ya marejesho kando kwa kando. Rejesho la wifi lilikuwa 11,347 kila mwezi. Riba yake ilianza na 2,400, ikashuka hadi takribani 2,221 mwezi wa pili kwa sababu deni lilikuwa limepungua, na kufikia mwezi wa tano ilikuwa chini ya 1,800 yangu. Mwezi wa mwisho alidaiwa riba ya shilingi 222 hivi. Mimi mwezi huo, nikiwa nimebakisha deni la shilingi 10,000 pekee, bado nilitozwa 1,800, ambayo ni asilimia 18 ya pesa nilizokuwa nazo, kwa mwezi mmoja. Kwa jumla riba yake ilikuwa takribani 16,170 na yangu 21,600. Asilimia 2 ilimgharimu mtu pesa chache kuliko asilimia 1.5, na hapakuwa na ujanja wowote uliofichwa kwenye maandishi madogo. Tofauti yote imo katika kile ambacho asilimia hiyo inazidishwa nacho.

Ukitaka kuona kwa nini, uliza ni kiasi gani hasa ulichokaa nacho mwaka huo. Mwezi wa kwanza nilikuwa na 120,000 za kampuni, wa pili 110,000, na kuendelea hivyo hadi 10,000. Wastani wake ni 65,000. Basi 21,600 ni riba ya wastani wa 65,000, wala si ya 120,000, na hiyo inakaribia theluthi moja kwa mwaka, ilhali asilimia 1.5 mara 12 huonyesha 18. Makadirio haya huzidisha kidogo. Hesabu kamili hutoa takribani asilimia 31.7. Kwa mkopo wa mwaka mmoja unaolipwa kila mwezi, kuzidisha riba ya flati ya mwaka kwa karibu mbili ndiyo njia ya haraka ya kupima ukiwa mbele ya dawati la afisa.

Hapo bado hatujagusa ada. Kampuni ilikata asilimia 3 ya kushughulikia mkopo na asilimia 1 ya bima kabla ya kunitumia pesa, kwa hiyo nilipokea 115,200, lakini marejesho yakabaki yale ya 120,000. Kiwango kinachounganisha riba na ada za lazima kwa mwaka ndicho kinachoandikwa kwa herufi APR. Benki Kuu ya Kenya na chama cha mabenki walianza kukitumia mwaka 2014 ili mikopo ya benki iweze kulinganishwa. Mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kukipata mwenyewe kwa mstari mmoja katika programu ya majedwali kama Excel, akianza na pesa alizopokea mkononi:

```
=RATE(12,-11800,115200)*12
```

Jibu ni karibu asilimia 40. Mkopo wa wifi, baada ya kukatwa ada ya asilimia 1, hutoa karibu 26 kwa njia hiyohiyo. Angalizo moja: wapo wanaozidisha kiwango cha mwezi kwa 12 kama nilivyofanya, na wapo wanaohesabu riba juu ya riba, ambapo yangu hufika 48. Usilinganishe namba ya njia moja na ya nyingine.

Haki itendeke kwa pande zote. Sako ilimtaka wifi awe na akiba ya thuluthi ya mkopo, yaani 40,000, ambazo haziwezi kutolewa wakati wa deni, pamoja na wadhamini. Pesa hizo zilizofungwa hazionekani katika 26 yake. Mimi sikuwa na akiba hiyo, na kinu kilichosimama hakingoji nijiwekee, kwa hiyo nilichagua kasi nikijua bei yake. Tena, kwa mkopo unaolipwa wote kwa mkupuo mmoja mwishoni, riba ya flati na ya salio ni kitu kimoja, kwa kuwa hakuna salio linalopungua; hapo ada ndizo za kuchunguzwa.

Jambo lililoniudhi zaidi lilijitokeza biashara ilipochangamka nikataka kumaliza deni baada ya rejesho la sita. Nilitarajia kulipa 60,000 zilizobaki na kitu kidogo juu yake. Nikaambiwa 70,800, yaani marejesho sita yote na riba ya miezi ambayo nisingekuwa na pesa zao, maana mkataba unaihesabu riba ya flati kuwa imeshadaiwa tangu siku ya kutia sahihi. Wifi angemaliza deni lake wakati huo kwa takribani 63,560, na riba ya miezi iliyobaki ingefutika. Niliamua kuendelea kulipa kila mwezi, kwa kuwa kumaliza mapema hakungeniokolea hata shilingi moja.

Kwa kasi na adabu ya wafanyakazi naipa kampuni nyota nne; kwa jinsi inavyotangaza bei, moja. Anayekwenda huko aombe mambo mawili yaandikwe kabla ya kutia sahihi: kiasi kamili kitakachoingia kwenye simu, na kiasi atakachodaiwa akitaka kumaliza mwezi wa sita.