Darasa la OSCE nililolipia: lilinifaa wapi, likaniacha wapi

Kabla sijapanda ndege kwenda Uingereza nilikuwa nimeshalipa shilingi 28,000 za Kenya kwa darasa la mtandaoni la kuwanoa wanaokwenda kufanya OSCE, mtihani wa vitendo wa wauguzi wanaotoka nje. Lilikuwa la wiki sita, jioni tatu kwa wiki. Natoka zamu Mombasa miguu imevimba, naketi chini ya feni na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Jina la darasa silitaji, kwa sababu sehemu ya kilichonipata ni kosa langu mwenyewe. Nataka tu nesi anayefikiria kulipa ajue anapata nini.

Kwa asiyejua OSCE inakaa wapi: baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linakagua vyeti vyako, na baraza letu la Nairobi linathibitisha usajili wako kwao moja kwa moja, si kupitia mkononi mwako. Kiingereza unakionyesha kwa mtihani wa OET au IELTS. Halafu kuna CBT, mtihani wa kompyuta wenye hesabu 15 za dawa kwa nusu saa na maswali 100 ya uuguzi kwa saa mbili na nusu. Huo niliufanya nikiwa bado nyumbani, na aliyezoea kuhesabu matone ya dripu kwa saa ya mkononi hesabu zake hazimtishi. OSCE ndiyo inayofanyiwa kule kule, mtahini kakusimamia. Mtihani una vituo 10, kila kimoja na kazi yake. Vinne vinamfuata mgonjwa mmoja: unampima, unaandika mpango wa huduma, unampa dawa, kisha unamkabidhi kwa mwenzako. Vingine vinne ni vya kazi za mikono, na viwili vya mwisho ni vya kuandika tu, kimya kimya.

Nianze na jema la darasa. Lilinifundisha kusema. Sisi tuliofundwa kwenye wodi za serikali, nesi mmoja na vitanda thelathini, tunafanya kazi kwa mikono na macho, mdomo unapumzika. Kwenye OSCE usiposema, mtahini hana pa kuweka alama. Mwalimu alitulazimisha kila jioni kumkaribia mgonjwa vilevile: nawa mikono, jitambulishe, uliza jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, linganisha na bangili ya mkononi, uliza kama kuna dawa inayomdhuru, omba ruhusa. Mgonjwa wangu alikuwa mume wangu. Siku ya kwanza nilipomuuliza jina lake kamili akaniangalia, akasema, "Mama watoto, leo umekunywa nini?" Wiki ya tatu alikuwa ananikosoa nikisahau bangili, na bangili yenyewe ilikuwa kipande cha plasta.

Kwa hilo peke yake, pesa yangu naona ilirudi nusu.

Nusu ya pili iliishia kwenye kukariri. Mfano mzuri ni chati ya NEWS2, ile wanayotumia Uingereza kuona kama mgonjwa anaelekea pabaya. Kila kipimo kina alama kuanzia 0 hadi 3, unajumlisha, na jumla ndiyo inakuambia la kufanya. Darasani tuliimba viwango vya kawaida vya kila kipimo kama watoto wa chekechea. Kusoma chati yenyewe, mgonjwa mbele yako, hatukufanya hata jioni moja.

Nilikuja kuliona pengo nikiwa Uingereza, kwenye kesi ya mazoezi niliyopewa na nesi mwenzangu kutoka Kerala, India, tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja. Mgonjwa anapumua mara 22 kwa dakika: alama 2. Oksijeni asilimia 94 bila kuwekewa oksijeni: 1. Presha, namba ya juu, 108: 1. Joto 38.4: 1. Yuko macho na anajielewa: 0. Mapigo ya moyo 112, nikampa 1. Jumla yangu ikawa 6. Mwenzangu akageuza chati kunielekea, akaweka kidole kwenye mstari. Alama 1 inaishia mapigo 110. Kuanzia 111 ni 2. Jumla ni 7.

Utasema alama moja ni kitu gani. Kwa 5 au 6 unaita daktari haraka na unampima angalau kila saa. Ikifika 7 ni dharura: unaita timu ya dharura na mgonjwa anafuatiliwa bila kukatiza. Na kuna mtego mwingine: kipimo kimoja kikipata 3 peke yake, hata jumla ikiwa ndogo, usirudi kwenye ratiba ya kumpima kila baada ya saa nne au sita; unampima kila saa na kumjulisha daktari. Tangu siku ile sijazi chati kwa kichwa. Nafuata mstari kwa kidole hata kama naonekana mgeni. Na pumzi nahesabu dakika nzima nikiwa nimemshika kifundo cha mkono kana kwamba bado nahesabu mapigo, kwa sababu mtu akijua unamhesabia pumzi, hubadilisha namna anavyopumua.

Mtihani wenyewe nilifeli kituo kimoja: cha dawa. Kesi za mtihani hazitolewi nje, kwa hiyo nitalieleza kosa kwa mfano wa nyumbani. Saa ya mtihani inasema saa sita mchana. Kwenye ukurasa wa dawa za kila siku kuna parasetamoli gramu 1, ya saa sita. Unaangalia jina, dozi, njia, muda, vyote sawa, unampa. Lakini ukurasa wa kwanza, kwenye dawa za mara moja tu, mgonjwa alishapewa gramu 1 saa tatu na nusu asubuhi. Saa nne kati ya dozi na dozi hazijapita. Ilitakiwa uiache, uandike alama ya kutotoa pamoja na sababu, na umweleze mgonjwa kwa nini anasubiri. Mimi nilikuwa nimekariri maneno ya kumpa dawa vizuri hata yakanifunga macho. Darasani chati ya dawa ilikuwa ya ukurasa mmoja, na kila dawa iliyokuwamo ilitakiwa kutolewa.

Ukifeli vituo hadi 7 unarudia vile ulivyofeli tu, kwa pauni 397. Ukifeli 8 au zaidi unarudia vyote kwa 794. Mara ya kwanza hospitali ilinilipia. Ya pili nililipa mwenyewe, zaidi ya shilingi 60,000 za kwetu, kuliko darasa zima mara mbili. Kabla ya kurudia, mimi na yule wa Kerala tulichapisha chati tupu kutoka kwenye tovuti ya wanaoendesha mtihani. Ziko pale bure, pamoja na mtihani wa mfano. Kila usiku mmoja anamtegea mwenzake: aleji ya penisilini juu na amoksisilini chini, dozi isiyosainiwa, dawa iliyositishwa jana. Nikajifunza kufungua kurasa zote kabla sijagusa kikombe cha dawa. Nilipita.

Kwa hiyo kama huna wa kufanya naye mazoezi na ulimi wako mzito, lipa. Kama una mwenzako mmoja mwenye subira, chukueni chati za bure kwanza.

Niliwaandikia darasa nikawashauri waongeze jioni moja ya chati za dawa zenye mitego. Walinijibu siku hiyohiyo, kwa adabu kabisa: hiyo ni kozi nyingine, shilingi 15,000.